Tawi Likirudi Shinani: Timu Ndogo na Historia ya Msimbo Wake

Mhasibu wa saccos ana mkopo wa shilingi 1,200,000 mezani. Ni wa miezi 12, riba ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na kila mwezi mwanachama hupunguza deni la msingi kwa 100,000. Akipiga hesabu kwa kalamu, riba yote inakuja 78,000. Programu ya ofisi inamwonyesha 66,000. Zimepotea 12,000 kwenye mkopo mmoja, na miezi mitatu nyuma programu hiyohiyo ilikuwa ikitoa jibu sahihi.

Tuseme programu hiyo inatunzwa na waandaaji wanne. Simu ya mhasibu ikiwafikia, wanachohitaji ni kujua badiliko gani liliharibu hesabu na liliingia lini, ili waliondoe bila kugusa mengine. Watapata jibu kwa dakika chache au watapoteza siku nzima, na tofauti hiyo inategemea sana uamuzi ambao timu nyingi hazikumbuki hata kuufanya: tawi la kazi likikamilika, linarudishwaje kwenye shina?

Timu kama hii hutunza msimbo kwa Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Kila hatua ya kazi huhifadhiwa kama komiti: sura ya mafaili yote kwa wakati huo, pamoja na jina la mwandishi, tarehe, ujumbe, na kumbukumbu ya komiti iliyotangulia, ambayo huitwa mzazi. Kutokana na hayo yote Git hukokotoa kitambulisho, kwa kawaida cha herufi na tarakimu 40. Mzazi akibadilika, kitambulisho nacho hubadilika, na vya komiti zote zinazofuata vivyo hivyo. Naomba msomaji ashike jambo hili moja, maana matatizo karibu yote tutakayoyaona yanatoka hapo.

Mmoja wa wale wanne alifungua tawi liitwalo `riba-ya-salio` ili kubadili riba kutoka ile isiyobadilika kwenda ile ya salio linalopungua. Aliweka komiti sita. Ya kwanza ilikuwa na ujumbe mzuri. Zilizofuata ziliandikwa "rekebisha", "rekebisha tena", "jaribio", na mbili kati yake hazikuweza hata kuwasha programu, kwa sababu alihifadhi kazi jioni kabla haijaisha. Hakuna ubaya katika hilo. Tawi ni mahali pa kufanyia kazi, na kazi ina vumbi lake. Swali ni kiasi gani cha vumbi hilo kiingie shinani.

Kwenye GitHub kuna vitufe vitatu. `Create a merge commit` huingiza komiti zote sita kama zilivyo, kisha huongeza ya saba yenye wazazi wawili, mmoja wa shina na mmoja wa tawi. `Squash and merge` hubana zote sita kuwa komiti moja mpya yenye mzazi mmoja, ambaye ni shina. `Rebase and merge` huziandika upya zote sita juu ya ncha ya shina, moja baada ya nyingine, kana kwamba kazi ilianza leo. Maudhui yanabaki, lakini vitambulisho vyote ni vipya.

Turudi kwa mhasibu. Tangu toleo `v1.4`, lililokuwa sahihi, tuseme zimeingia komiti 200. Hakuna haja ya kuzisoma zote, kwa sababu Git hutafuta kosa kwa kugawa nusu kwa nusu:

```
git bisect start
git bisect bad
git bisect good v1.4
```

Kila mara inakupeleka katikati ya kipande kilichobaki, nawe unapiga hesabu ya ule mkopo na kuiambia kama jibu ni zuri au baya. Kwa komiti 200, hatua kama nane zinatosha. Sharti ni kwamba kila unapofikishwa, programu iwake. Ukitua kwenye komiti ambayo haiwaki, unalazimika kuandika `git bisect skip`, na ukiruka nyingi zilizopakana, Git mwishoni inakupa kundi la washukiwa badala ya mmoja. Hapo ndipo "rekebisha tena" za miezi mitatu nyuma zinapodai gharama yake. Njia ya `Rebase and merge` haiondoi tatizo hili, ingawa historia yake huonekana imenyooka kama rula. Komiti mbovu zimebaki mbovu, tena hata zile zilizokuwa nzima sasa zimekaa juu ya msingi mpya ambao hakuna aliyezijaribu juu yake.

Walioingiza kwa komiti ya muungano wana ahueni. Tangu Git 2.29 ya mwaka 2020 wanaweza kuanza na `git bisect start --first-parent`, na utafutaji ukafuata shina tu, ukipita kwenye miungano bila kuingia matawini. Waliobana hawahitaji hata hilo. Kila komiti ya shina ni kazi moja iliyokamilika na kukaguliwa, na utafutaji unaishia kwenye moja yenye kichwa "Riba kwa salio linalopungua". Ndani yake kosa linaonekana kwa macho:

```
salio = salio - rejesho
riba = salio * 0.01
```

Rejesho limetolewa kabla ya riba kupigwa. Mwezi wa kwanza riba ilitakiwa kuwa 12,000, ikawa 11,000. Kila mwezi inapungua 1,000, na miezi 12 ni zile 12,000 za mhasibu. Mistari miwili inabadilishana nafasi, kazi imekwisha.

Si kila kosa hurekebishika haraka hivyo. Mara nyingine ni lazima badiliko zima liondolewe leo, lichunguzwe kesho. Git hufanya kama daftari la mhasibu: haifuti mstari, inaandika mstari wa kinyume chake. Kwa komiti iliyobanwa, amri ni `git revert` na kitambulisho chake, basi. Kwa komiti ya muungano lazima useme unarudi upande wa mzazi yupi, kwa kawaida `git revert -m 1`. Na hapo pana mtego ambao wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Ukishatengua muungano, kisha ukarekebisha tawi lilelile na kuliunganisha tena, Git huleta marekebisho mapya tu. Zile komiti sita za zamani inazihesabu kuwa zimeshaingia, na ni kweli ziliingia. Athari yake ndiyo iliyofutwa. Dalili yake ni programu yenye nusu ya kipengele. Dawa ni kutengua ule utenguzi kwanza, ndipo uunganishe.

Kwa sababu hizi naona timu ya watu watatu hadi sita ifanye kubana kuwa desturi yake, kwa matawi yanayoishi siku moja au mbili. Wapo watakaosema kwamba Linux yenyewe imejaa komiti za miungano. Ni kweli, lakini kule maelfu ya watu hupeleka kazi kupitia wasimamizi wa sehemu mbalimbali, na kila komiti inatarajiwa kusimama yenyewe kabla haijapokelewa. Timu ya watu wanne isiyokuwa na nidhamu hiyo ikiiga muundo ule, inavuna mchoro wa mistari inayopishana bila faida yake.

Lakini kubana nako kuna gharama, na timu iijue kabla haijaumia. Wakati tawi la riba likisubiri ukaguzi, mwenzake aliyehitaji riba hiyo alifungua tawi `ripoti-ya-riba` juu yake. Tawi la riba likabanwa na kuingia shinani. Sasa shina lina komiti moja mpya, na tawi la ripoti bado limebeba zile sita za asili. Git haina namna ya kujua kwamba moja ile imetokana na sita hizi, kwa sababu vitambulisho havihusiani. Yule wa ripoti akiandika `git rebase main`, anaweza kukutana na mgongano juu ya mgongano, kwenye mistari ambayo yeye mwenyewe hakuiandika. Ukiona hivyo, acha kusuluhisha. Andika `git rebase --abort`, kisha hamisha kazi yako peke yake:

```
git fetch origin
git rebase --onto origin/main riba-ya-salio ripoti-ya-riba
```

Maana yake ni kuchukua kilichomo kwenye tawi la ripoti baada ya ncha ya tawi la riba, na kukiweka juu ya shina jipya. Inafanya kazi ikiwa tawi la zamani bado lipo kwenye kompyuta yako, likionyesha ncha ilipokuwa kabla ya kubanwa, kwa hiyo usikimbilie kulifuta.

Je, `git rebase` ina nafasi gani? Kwenye tawi lako binafsi, kabla hujaomba ukaguzi, ni chombo bora kabisa: unasogeza kazi yako juu ya shina la leo na kusuluhisha migongano ukiwa peke yako. Hatari inaanza watu wawili wanaposhiriki tawi moja. Mmoja akiandika upya historia na kuisukuma kwa nguvu, komiti ambazo mwenzake alizipeleka asubuhi hutoweka kwenye tawi la seva bila onyo. Tumia `git push --force-with-lease`, ambayo hukataa ikiwa tawi la seva limesogea tangu ulipolichungulia mara ya mwisho. Kinga hiyo hulegea ikiwa kihariri chako huvuta taarifa za seva chinichini, kwani Git itadhani umeshaziona. Na aliyepoteza kazi asikate tamaa: kwenye kompyuta ilikoandikwa, `git reflog` huorodhesha pale tawi lilipowahi kusimama, na kwa mipangilio ya kawaida komiti zilizoachwa hukaa humo siku 30.

Komiti ya muungano niiweke kwa kazi ya wiki kadhaa iliyofanywa na zaidi ya mtu mmoja. Kubana komiti 60 za watu watatu kuwa moja yenye mafaili 90 ni kuharibu ushahidi: ukiuliza mstari fulani ulitoka wapi, utajibiwa kila mara na komiti ileile kubwa. Hapo acha hatua zibaki, na soma shina kwa `git log --first-parent`.

Kwa hiyo fungueni mipangilio ya hazina yenu wiki hii. Zimeni `Rebase and merge`, acheni vile vingine viwili, na kataeni kusukuma kwa nguvu kwenye `main`. Kisha wekeni ujumbe wa kubana utokane na kichwa na maelezo ya ombi, badala ya orodha ya "rekebisha", na kwenye maelezo hayo kila mmoja aandike kwa nini badiliko lilihitajika. Nini kilibadilika Git inakijua tayari.