Laki tisa za mkononi, laki tisa za barua

Tangazo la kazi ya mhasibu msaidizi jijini Dar es Salaam limetaja elimu, uzoefu na tarehe ya mwisho, kisha likamalizia hivi: mwombaji aeleze katika barua yake mshahara anaoutarajia. Kijana mwenye shahada na miaka mitatu kazini anapiga hesabu ya kodi ya nyumba, nauli na fedha anayotuma kijijini, anaona laki tisa kwa mwezi zinamtosha, na anaandika Sh. 900,000. Hajataja kama ni kabla au baada ya makato, na atakayeisoma barua ataichukua kuwa kabla ya makato. Bajeti ya mwajiri huandikwa kwa mshahara ghafi, na mkataba pia.

Tuone zinabaki ngapi. Asilimia 10 inakwenda NSSF, yaani Sh. 90,000. Kodi ya mapato haigusi fedha hiyo ya hifadhi ya jamii, bali inakokotolewa kwenye Sh. 810,000 zilizobaki. Kwa viwango vya Tanzania Bara, mwenye kipato cha kati ya Sh. 760,000 na milioni moja hulipa Sh. 68,000, pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kodi yake ni Sh. 80,500. Na kwa kuwa alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambazo ni Sh. 135,000 (tuchukulie hana posho, mshahara wote ni wa msingi). Mkononi anabaki na Sh. 594,500. Laki tatu na ushei zimeyeyuka, na hakuna aliyemdhulumu.

Hesabu ilitakiwa ianzie mkononi irudi nyuma. Kwa kijana huyu, mshahara unaokaribia kumpa laki tisa ni milioni moja na nusu. NSSF inachukua 150,000. Inabaki 1,350,000, na kwa kuwa imevuka milioni moja, kodi ni Sh. 128,000 pamoja na asilimia 30 ya ziada ya 350,000, jumla 233,000. Bodi inachukua 225,000. Zinabaki Sh. 892,000. Mwenzake asiyedaiwa mkopo angepata 1,117,000 kwa mshahara huohuo, ndiyo maana kunakili kiasi kutoka barua ya rafiki ni hatari.

Lakini mahitaji yako si bei ya kazi. Waulize wanaofanya kazi kama hiyo, na usimuulize mtu analipwa ngapi, maana atakwepa. Muulize ofisi za aina hiyo humlipa mhasibu msaidizi kiasi gani. Waulize angalau watu wawili, kwa sababu shirika lenye ufadhili wa nje na duka la jumla la Kariakoo hawalipi sawa hata kama cheo ni kilekile. Ukiambiwa kazi kama hiyo hulipa milioni moja na laki mbili, basi milioni moja na nusu itakuweka nje ya orodha kabla hujaonekana, na uamuzi wa kuomba au kuacha ni wako.

Wengi hukwepa kwa kuandika kwamba mshahara ni wa maelewano, basi. Kwa maoni yangu hilo ni jibu baya kuliko kiasi cha juu kidogo. Tangazo limeuliza swali, na anayechambua barua mia moja akiwa na orodha ya masharti atakuhesabu kama hukujibu. Kutaja kiwango chenye mwanzo na mwisho ni bora, ilimradi mwanzo wake uwe kiasi unachoweza kukikubali bila kinyongo, maana mwajiri ataanzia hapohapo.

Sentensi moja inatosha, karibu na mwisho wa barua, baada ya kueleza unachokiweza: “Natarajia mshahara ghafi wa kati ya Sh. 1,500,000 na 1,700,000 kwa mwezi, kabla ya makato, na niko tayari kuzungumza nikishaelewa majukumu na marupurupu yake.” Usitaje ada za watoto wala deni la kiwanja. Maneno “kabla ya makato” ndiyo yanayobeba sentensi yote.

Tangazo likitaka pia mshahara unaoupata sasa, andika wa kweli, nao uwe ghafi, kwa sababu baadhi ya waajiri huomba hati za mshahara za miezi mitatu kabla ya kusaini mkataba. Kama ni mdogo, ongeza nusu sentensi inayoonyesha kwamba kazi mpya ina majukumu mapana zaidi.

Weka nakala ya barua. Kwenye usaili utaulizwa tena, na jopo litakuwa na barua yako mezani. Ukitaja kiasi tofauti, uwe na sababu iliyotokea baada ya barua kutumwa, kama vile kugundua kwamba kituo cha kazi ni Mtwara na nyumba ni juu yako.