Ukishapata Jibu la Hesabu, Weka Nusu Yake

Mwaka 2016 Victor Haghani na mwenzake Richard Dewey walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililowaaibisha watu wa fedha. Waliwaita vijana 61, wengi wao wanafunzi wa fedha na uchumi na wengine wameshaajiriwa katika makampuni ya uwekezaji, wakampa kila mmoja dola 25 na nusu saa ya kucheza. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kurusha sarafu kwenye kompyuta, na waliambiwa wazi tangu mwanzo kuwa sarafu ile imepinda: huangukia upande wa kichwa mara 60 kwa kila 100. Ukipatia unalipwa kiasi ulichoweka, ukikosea kinakwenda. Asilimia 28 yao waliishiwa kabisa. Wapo walioweka salio lote kwenye mrusho mmoja, na waliofika dola 250, kikomo cha malipo, walikuwa asilimia 21 tu.

Haghani alilijua jambo hili kwa karibu kuliko wengi. Alikuwa mmoja wa wakuu wa mfuko wa Long-Term Capital Management, ulioanguka mwaka 1998 ukiwa na wachumi wawili washindi wa Nobeli ndani yake.

Vijana wale walijua kitu cha kununua. Walichokosa ni jibu la swali la pili, ambalo wawekezaji wengi hulipa dakika tano baada ya kulifanyia la kwanza kazi ya miezi: niweke kiasi gani? Jibu la kihesabu lipo tangu mwaka 1956, alipolitoa John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani. Kwa mchezo unaolipa sawa na dau, kanuni yake ni nyepesi: chukua uwezekano wa kushinda, toa uwezekano wa kushindwa, kinachobaki ndicho kiasi cha mtaji cha kuweka kila mara. Kwa sarafu ya Haghani ni 60 kutoa 40, yaani asilimia 20. Kelly alionyesha kuwa hakuna kiwango kingine kinachokuza mtaji haraka zaidi kwa muda mrefu.

Tuchukue shilingi 100,000 na mirusho mitano, tushinde mitatu na kushindwa miwili, kama uwezekano wenyewe unavyosema. Ukiweka asilimia 20 ya ulichonacho kila mara, unamaliza na 110,592, na mpangilio wa kushinda na kushindwa haubadilishi kitu. Ukiweka asilimia 40 unamaliza na 98,784. Umeshinda mara tatu kati ya tano, na bado umepata hasara! Sababu ni kwamba hasara ya asilimia 40 haifutwi na faida ya asilimia 40. Ukibaki na 60,000 unahitaji kupanda kwa karibu asilimia 67 ili urudi ulipokuwa. Sasa punguza dau hadi asilimia 10, nusu ya jibu la Kelly. Unapata 107,811. Umekata dau katikati, lakini umebaki na karibu robo tatu ya faida.

Hapo ndipo penye siri yote. Faida ni kama kilima chenye mteremko wa taratibu upande mmoja na genge upande wa pili. Anayesimama chini kidogo ya kilele anapoteza kidogo tu. Anayekipita kilele akafika mara mbili ya dau sahihi amekwisha kupoteza ukuaji wote, na kila hatua ya ziada inamla mtaji.

Mtu atasema: basi simama kileleni penyewe, usizidishe. Lakini kilele kiko wapi? Vijana wale waliambiwa 60. Sokoni hakuna anayekuambia. Tuseme uliamini sarafu ni ya 60, kumbe ni ya 55. Katika mirusho 20 utashinda 11. Ukiwa umeweka asilimia 20 kwa uaminifu wote, laki yako inakuwa 99,725, umehangaika bure. Aliyeweka asilimia 10 ana 110,536. Kosa la alama tano katika kukadiria limemgeuza mfuasi kamili wa Kelly kuwa mtu aliyeweka dau maradufu bila kujua.

Kwa hisa makosa ni makubwa zaidi. Kanuni inakutaka ukadirie ni kiasi gani hisa itaizidi hatifungani ya serikali kwa mwaka, kisha ugawe kwa mraba wa mtikisiko wa bei yake. Hisa inayotikisika kwa asilimia 30 kwa mwaka, ukiitarajia izidi hatifungani kwa asilimia 5, inakupa 0.05 gawanya kwa 0.09: uweke kama asilimia 56 ya mtaji wako wote humo. Ile asilimia 5 umeitoa wapi? Hata ukiwa na kumbukumbu za bei za miaka 25, kwa mtikisiko huo wastani wako una kosa la kawaida la asilimia 6, juu au chini. Kosa ni kubwa kuliko kitu chenyewe unachokipima. Na kwa kuwa tunanunua tunachokipenda, makadirio yetu huegemea juu.

Hata anayejua uwezekano barabara hayuko salama na usingizi wake. Nadharia inasema anayeweka Kelly kamili ana nafasi moja kati ya tatu ya kuona mtaji ukishuka hadi nusu kabla haujawa maradufu. Kwa nusu Kelly nafasi hiyo ni moja kati ya tisa. Edward Thorp, mwanahisabati aliyeitumia kanuni hii kwanza kwenye meza za karata na baadaye kwenye soko la hisa, naye aliwashauri watu wabaki chini ya kiwango kamili.

Kwa masoko yetu ningeshusha zaidi. Kanuni inadhani unaweza kupunguza dau kila bei inaposhuka. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa katika soko la Nairobi Julai 2020, zikarudi Januari 2025. Kwa muda wote huo hapakuwa na dau la kupunguza. Kanuni ya sarafu pia inadhani kila dau ni la peke yake. Mwenye hisa za benki nne za Kenya alidhani ana madau manne, mpaka Agosti 2016 sheria ya kudhibiti riba iliposainiwa na hisa za benki zikaporomoka kwa pamoja. Lilikuwa dau moja lenye majina manne, na lilipaswa kukokotolewa hivyo.

Kwa hiyo kabla hujampigia dalali, fanya hesabu ukitumia makadirio ya chini unayoweza kuyatetea mbele ya mtu asiyekupenda, jumlisha pamoja hisa zote zinazoweza kuumizwa na habari moja, kisha ukate jibu katikati. Ile ya asilimia 56, ukishusha matarajio kutoka 5 hadi 3, inakuwa 33. Nusu yake ni asilimia 16 au 17. Ikiwa kiasi hicho kinakuonekania kidogo mno kwa hisa unayoiamini, kagua upya ile 5 uliipata wapi.