Utafiti kwa simu ya kitochi: Kwa nini swali refu halifiki

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa alizeti katika kata ya Mitundu, Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, hana sababu ya kumiliki simu ya bei kubwa. Kitochi kinamtosha. Kinapiga, kinapokea, kinatuma ujumbe mfupi wa maneno, na betri yake hukaa siku kadhaa, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayelipia kuchajiwa simu dukani.

Mtafiti aliyeko Dodoma au Dar es Salaam akitaka kujua kama chakula kimepungua katika kaya ya mkulima huyo mwezi huu, kumtuma mdodosaji kwa gari ni gharama, na majibu huchelewa. Simu ile ndogo ndiyo njia ya mkato. Lakini wengi waliodhani kazi ni kulichukua dodoso la karatasi na kulirusha hewani, wamegundua kuwa njia hiyo ina mlango mwembamba.

Tanzania si ngeni katika jambo hili. Mwaka 2010 utafiti wa simu ulifanyika jijini Dar es Salaam, ambapo njia mbalimbali zilijaribiwa, ikiwamo sauti iliyorekodiwa, na iliyoonekana kufaa zaidi ni ya mtu kumpigia mtu. Baadaye taasisi ya Twaweza ilianzisha Sauti za Wananchi. Kwanza wadodosaji walizitembelea kaya zipatazo 2,000 za Tanzania Bara, wakawahoji wahusika ana kwa ana, kisha wakawaachia simu na vifaa vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Baada ya hapo wahojiwa walikuwa wakipigiwa mara kwa mara kutoka kituo cha simu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) nalo lilitumia mbinu inayofanana katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mugunga, karibu na Goma, katika mpango ulioanza mwaka 2013.

Wote hao walilazimika kuyakata maswali. Sababu zake zinaeleweka vizuri zaidi tukilishika swali moja na kulifuata hadi mwisho.

Herufi 160

Tuseme dodoso la karatasi lina swali hili: "Katika kipindi cha siku 7 zilizopita, je, kuna siku ambazo kaya yako haikuwa na chakula cha kutosha wala fedha za kununulia chakula, na kama zipo, ni siku ngapi mlilazimika kupunguza kiasi cha chakula katika mlo, kupunguza idadi ya milo, au watu wazima kujinyima ili watoto wapate kula?"

Mdodosaji aliyeketi kwenye mkeka na mwenye kaya ataliuliza bila taabu kubwa. Atatua katikati, atarudia, atamwona mwenzake anakunja uso na kumfafanulia. Sasa tulitume kwa ujumbe mfupi. Ukihesabu herufi, nafasi na alama zote, swali hilo lina 286. Ujumbe mmoja wa simu hubeba 160. Zikizidi, mtambo huukata ujumbe vipande, na kila kipande hubeba 153 tu, kwa kuwa sehemu ya nafasi hutumika kuieleza simu namna ya kuviunga vipande hivyo. Kipande cha kwanza cha swali letu kinaishia kwenye maneno "ni sik". Simu nyingi huviunga upya zenyewe, lakini mtandao ukisuasua, kipande kimoja huweza kutangulia na kingine kuchelewa. Mpokeaji hubaki na nusu ya swali kwenye kioo kinachoonyesha mistari michache kwa wakati mmoja.

Upo mtego mwingine ambao waandishi wa Kiswahili huuingia bila kujua. Neno "ng'ombe" lina alama ya ritifaa. Ikiandikwa ile iliyonyooka, hakuna tatizo, kwani imo katika orodha ya herufi za ujumbe mfupi. Lakini programu nyingi za kuandikia katika kompyuta huigeuza yenyewe kuwa ile iliyopinda, ambayo haimo. Alama hiyo moja inatosha kuufanya mtambo ubadili mfumo wa herufi kwa ujumbe mzima, na kikomo kikashuka kutoka 160 hadi 70. Mtafiti anayeuliza habari za ng'ombe, za ng'ambo au za kung'oa mihogo anaweza kulipia ujumbe mara mbili kwa kila mhojiwa, asijue kwa nini. Dalili yake huonekana kwenye hesabu ya malipo: ujumbe uliotumwa ni mmoja, uliotozwa ni miwili.

Swali lililobebana

Ufupi wa ujumbe, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Kosa kubwa la swali lile ni kwamba ni maswali matatu yaliyofungwa kamba moja. Mwenye kaya akijibu "3", amemaanisha nini? Siku tatu sahani zilipunguzwa, au siku tatu watu wazima walilala njaa?

Tofauti hiyo ina uzito halisi. Katika kipimo kinachotumiwa na WFP na wengineo kupima namna kaya zinavyokabiliana na uhaba wa chakula, huulizwa mambo matano kwa siku saba zilizopita: kula chakula cha hali ya chini au kisichopendwa, kuazima chakula au kutegemea msaada wa jamaa, kupunguza kiasi katika mlo, watu wazima kujinyima kwa ajili ya watoto, na kupunguza idadi ya milo. Kila siku iliyotajwa huzidishwa kwa uzito wake. Kuazima kuna uzito wa 2, watu wazima kujinyima 3, na mengine matatu 1 kila moja.

Chukua kaya ya kubuni. Imekula chakula kisichopendwa siku 4, imeazima siku 1, imepunguza kiasi siku 3, watu wazima wamejinyima siku 2, na milo imepunguzwa siku 3. Hesabu yake ni 4, na 2, na 3, na 6, na 3, jumla 18. Ile "3" ya swali la karatasi ingeweza kuhesabiwa kuwa alama 3 au alama 9, na hakuna mtu ofisini ambaye angeweza kuamua.

Kwa hiyo swali huvunjwa. Moja ya sehemu zake laweza kuandikwa hivi: "Siku 7 zilizopita, ni siku ngapi mlipunguza idadi ya milo kwa sababu ya uhaba wa chakula? Jibu kwa namba 0 hadi 7." Hizo ni herufi 114. Linaingia katika ujumbe mmoja, na jibu ni tarakimu moja isiyohitaji kuandika maneno kwa vitufe tisa.

Kishawishi cha kuendelea kukata kipo. Mtu ataona "wiki iliyopita" ni fupi kuliko "siku 7 zilizopita". Ni fupi kweli, lakini si kitu kile kile. Anayeupokea ujumbe siku ya Alhamisi anaweza kuelewa kuwa anaulizwa juu ya Jumatatu hadi Jumapili iliyokwisha, akaziacha nje siku nne za karibuni, ambazo pengine ndizo za njaa. Hapo herufi chache zilizookolewa zimeharibu kipimo.

Sikio halirudi nyuma

Katika simu ya sauti hakuna kikomo cha herufi, na hapo ndipo wengi hulegea. Kumbe mipaka ya sikio ni mikali zaidi. Msomaji anaweza kurudi juu ya ujumbe, lakini msikilizaji anategemea alichokishika kichwani, huku mtoto analia na upepo unavuma kwenye simu.

Wataalamu wa madodoso wamelibaini jambo hili kwa miaka mingi: mtu akisomewa orodha ndefu ya majibu, huelekea kuchagua yale ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yaliyobaki masikioni. Akisoma mwenyewe kwa macho, huelekea kuchagua ya mwanzo. Hivyo orodha moja ya majibu saba huweza kuleta matokeo mawili tofauti katika kijiji kimoja, kwa ajili ya njia ya kuuliza tu. Ukitaka kujua kama umeathirika, geuza mpangilio wa orodha kwa nusu ya wahojiwa. Jibu likifuata nafasi yake badala ya maana yake, swali lina ugonjwa. Tiba ya kawaida ni kulivunja kuwa maswali ya ndiyo na hapana.

Sauti iliyorekodiwa ina adabu zake zaidi. Ukisema "bonyeza moja kama mlipunguza milo", msikilizaji hupewa namba kabla ya kujua ni ya nini, na anapofika mwisho wa sentensi namba imekwisha kumtoka. Husemwa kinyume chake: "Kama mlipunguza milo, bonyeza moja." Kisha sauti itulie. Mwenye kitochi hubonyeza kwa kuiondoa simu sikioni, na maneno yatakayosemwa katika sekunde hizo hatayasikia. Ni jambo dogo ambalo mtu aliyezoea kuongea kwa spika ya simu yake ya kisasa hawezi kulikumbuka asipoketi na kujaribu kwa kitochi.

Ndiyo maana pale penye fedha za kutosha, mtu humpigia mtu. Mhoji hai anasikia kusita, anarudia swali, anatambua kuwa aliyepokea ni mtoto wa mwenye kaya na si mwenyewe. Ujumbe mfupi hauoni hilo. Simu ya nyumbani ikiwa inashikwa na baba mchana na mama jioni, majibu ya mwezi huu na ya mwezi ujao huenda yakawa ya watu wawili walioandikwa kwa jina moja.

Yasiyokatika

Yapo maswali ambayo hayafupishiki. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Tanzania Bara wa mwaka 2011/12 uliziachia kaya daftari la kuandika matumizi kwa siku 28, kuanzia unga hadi mafuta ya taa. Hakuna namna ya kuyauliza hayo kwa simu ya dakika chache. Anayeuliza "Mwezi uliopita mlitumia shilingi ngapi kwa chakula?" atapata tarakimu, lakini itakuwa ya kukisia, na mahindi yaliyotoka ghalani mwenyewe hayatakuwamo.

Wala ufupi hauwafikishi wasio na simu. Sauti za Wananchi walilikabili hilo kwa kugawa simu. Mwenye kutuma ujumbe kwa namba zilizopo tu huwaacha nje walio maskini zaidi, na hupata vijana, wanaume na wakazi wa mijini kwa wingi kuliko idadi yao.

Makosa yanapokuwamo, takwimu zenyewe huyasema. Mhojiwa anayejibu "1" kwa kila swali amechoka. Majibu kama "tatu hv", "siku 3 tu" au "nani mwenzangu?" yanaonyesha kuwa maelekezo hayakueleweka, au kwamba mwenye simu hakumjua aliyetuma. Na idadi ya waliojibu ikianguka ghafla kuanzia swali la nne, basi swali la nne, au lile lililolitangulia, ndilo la kutazamwa kwanza. Mara nyingi ndilo refu kuliko yote.