Vifaranga vimeisha: namna ya kuandika ujumbe wa lisiti ya kungojea

Bandugu, wengi kati yetu tuliosoma agronomia tunajikuta tunauza vifaranga vya siku moja. Hapa Lubumbashi vinaisha mbio: unafungua kuveze asubuhi, na mbele ya saa sita ya mchana makartoni ni matupu. Wateja wanaendelea kupiga simu, na tunawaambia wajiandikishe. Nataka kuongea juu ya maneno ya huo ujumbe, kwani niliona namna yanavyoweza kuharibika.

Mahali nilipofanya kazi mwanzoni, tuliandika hivi: "Vifaranga vimeisha! Jiandikishe haraka kwa vingine." Majina yakaja mengi, hatukuuliza mtu anataka ngapi. Siku ya kutotoa, mama mmoja akafika kutoka Kipushi. Alikuwa ameamka usiku kuwasha makala apate kupasha nyumba ya vifaranga, na chakula alishanunua. Hakupata hata kimoja. Siku ileile tulibaki na vifaranga vingine mkononi, juu wenyewe walijiandikisha kwa wauzaji watatu na wakachukua kwa yule wa kwanza.

Kifaranga hakingoji sawa mfuko wa simenti. Kinatoka na akiba ya kiini ndani ya tumbo, inayoweza kukishikilia siku mbili, ikizidi sana tatu. Kisha hapo kinadhoofika na kufa. Kwa hiyo lisiti ina kazi mbili: kumwambia mteja ukweli, na kuhakikisha kwamba kila kifaranga kina mwenyewe siku kinapotoka.

Ukweli huo unautoa ndani ya kuveze. Yai la kuku linachukua siku 21. Siku ya 7 unapitisha taa nyuma ya kila yai: lenye uhai linaonyesha mishipa kama buibui, lisilo na kitu linabaki jeupe. Mbele ya siku hiyo hujui hesabu yako, basi usitangaze namba.

Tuchukue mfano. Umeweka mayai 1,000 tarehe 3. Tarehe 10 unatoa 120 meupe, yanabaki 880. Kama kwa mara zilizopita mayai kama hayo yalitoa 85 kwa mia, unangojea vifaranga 748 hivi. Toa vile vyenye miguu mibaya na kitovu kisichofunga, useme 730. Mimi ningefungua nafasi 650 tu. Zile 80 ni akiba yako, kwani umeme ukikatika usiku na huna mafuta ya jenereta, utazihitaji.

Tarehe 11 vifaranga vya kundi la mbele vinaisha. Sasa ndiyo saa ya kutuma ujumbe:

"Jambo Mama. Vifaranga vya nyama vya leo vimeisha. Vingine vinatoka tarehe 24. Nafasi ni 650, mpaka sasa zimebaki 410. Unataka ngapi? Kwa kushika nafasi, tuma robo ya bei kwa simu. Inayobaki utalipa siku ya kuchukua. Tarehe 22 tutakuita. Usipojibu mpaka tarehe 23 saa kumi ya mchana, nafasi inapita kwa anayefuata na tunakurudishia feza yako. Usiwashe makala mbele tukuite tena tarehe 23 mangaribi. Vikikosa kwa upande wetu, unarudishiwa feza yote ao unakuwa wa kwanza kwa kundi linalofuata, unachagua wewe."

Angalieni mpangilio. Habari mbaya inakuja kwanza, kisha tarehe, kisha namba. Ile 410 njo inamsukuma mtu ajibu leo. Lakini iwe namba ya kweli ya daftari lako, na ibadilike kila mtu anapolipa. Ukiandika "nafasi ni chache" wiki nzima, watu wa Lubumbashi hawachelewi kukujua.

Robo ya bei si kwa kutajirika. Ni kwa kumwondoa aliyejiandikisha pahali patatu. Ukiomba bei yote, mwenye kufuga vifaranga 50 pale Katuba atakimbia. Usipoomba kitu, utabaki na vifaranga vinavyolia.

Simu ya tarehe 23 mangaribi wengi wanaisahau, na njo inaokoa makala ya mteja. Siku ya 20 mayai yanaanza kutoboka. Ukiona matundu kwa mayai mengi, unaita: "Mama, washa moto usiku huu." Kama bado ni makavu na kimya, joto lilishuka mahali fulani, vitachelewa, labda siku moja, na unamwambia abaki nyumbani kwanza.

Na kama mayai yenyewe hayajafika, bado yako njiani ngambo ya Kasumbalesa? Hapo usitoe tarehe na usipokee feza. Andika jina, simu na hesabu anayotaka, useme wazi: "Mayai hayajaingia kwa mashini. Siku yakiingia na tukishapitisha taa, tutakuita kufuatana na namba yako, na yako ni ya 17."

Ile namba ya 17 iandikwe kwa bic ndani ya daftari. Simu inaweza kuibiwa.