Kazi Ikikwama, Ujumbe Mmoja Unatosha

Timu nyingi za programu huorodhesha kazi zao kwenye Jira na kuzungumza kwenye Slack. Kiungo cha mifumo hiyo, kinachoitwa Webhooks kwenye mipangilio ya Jira, ni rahisi: kazi ikibadilika, Jira hutuma taarifa kwenye anwani iliyosajiliwa. Programu ndogo huipokea, na ikikuta hali ya kazi ni Blocked, yaani imekwama, huandika ujumbe Slack.

Balaa huanza programu hiyo inapojaza pia, kwenye kazi hiyohiyo, saa ya taarifa ya mwisho. Kwa Jira, hayo nayo ni mabadiliko. Taarifa mpya hutoka, kazi bado imekwama, ujumbe wa pili huandikwa, saa hujazwa upya, na mzunguko haukomi. Dalili yake huonekana kwenye historia ya kazi: akaunti ya programu peke yake, mstari baada ya mstari.

Dawa ni kuuliza kama hali *imebadilika*, si kama kazi *imekwama*. Taarifa ya Jira hubeba orodha ya mabadiliko, hivyo programu huandika ujumbe pale tu inapokuta:

```
"field": "status",
"toString": "Blocked"
```

Kinga ya pili ni kupuuza kila badiliko lililofanywa na akaunti yake yenyewe.