Namba tano zinazopunguza kelele bila kukata kilele

Vipimo vitano vimetoka kwenye kihisi, kimoja baada ya kingine: 20, 31, 36, 30, 21. Tuseme vimetoka kwenye spektrometa, mashine inayopitisha mwanga wa infraredi ndani ya sampuli na kuandika, hatua kwa hatua, ni kiasi gani cha mwanga kimenyonywa. Pale ambapo namba zinapanda kisha kushuka kuna kilele, na urefu wa kilele hicho ndio unaomwambia mkemia dawa iliyomo ni nyingi au kidogo.

Tatizo ni kwamba hakuna kihisi kinachotoa namba safi. Kila kipimo kinatikisika kidogo juu au chini ya thamani yake halisi, na mtikisiko huo wahandisi huuita kelele. Wengi hukimbilia wastani: jumlisha vipimo vitano, gawanya kwa tano, andika jibu mahali pa kipimo cha katikati. Tukifanya hivyo hapa, 138 gawanya kwa 5 ni 27.6. Kilele cha 36 kimeshushwa hadi 27.6. Karibu robo ya urefu wake imepotea, na hiyo haikuwa kelele. Ilikuwa dawa.

Wastani haujakosea hesabu. Umejibu swali tofauti na letu: ukilazimishwa kuchora mstari mmoja ulalo kupita katikati ya nukta tano, uuchore kwenye urefu gani ili miraba ya tofauti zote ikijumlishwa iwe midogo iwezekanavyo? Hiyo ndiyo njia ya miraba midogo kabisa, iliyochapishwa na Mfaransa Legendre mwaka 1805. Kosa ni letu sisi tuliochagua mstari ulalo wakati data imepinda. Basi tuchore mstari uliopinda, yaani parabola, tukiacha kanuni ya Legendre kama ilivyo.

Tuzipe nukta zetu nafasi t: -2, -1, 0, 1, 2, sifuri ikiwa katikati. Parabola tunayoitafuta ni

y = a + bt + ct²

Katikati, t ni sifuri, kwa hiyo b na c zinatoweka na inabaki a peke yake. Hiyo ndiyo thamani iliyosafishwa. Mbili nyingine tunazihitaji njiani tu.

Tunajuaje kwamba parabola imekaa pazuri kuliko zote? Tazama tofauti kati ya kila kipimo na mstari wetu. Kama jumla ya tofauti hizo si sifuri, basi mstari mzima ungeweza kupandishwa au kushushwa kidogo na miraba ikapungua, maana yake bado haujakaa. Vivyo hivyo tofauti zikizidishwa kila moja kwa t yake, jumla lazima iwe sifuri, la sivyo kuuinamisha mstari kungesaidia. Na zikizidishwa kwa t², jumla iwe sifuri tena, la sivyo kuuongezea au kuupunguzia mpindo kungesaidia.

Masharti hayo matatu yanahitaji jumla chache za t. Jumla ya t ni sifuri na ya t³ ni sifuri, kwa sababu upande wa kushoto unafuta wa kulia. Jumla ya t² ni 4 + 1 + 0 + 1 + 4 = 10, na ya t⁴ ni 16 + 1 + 0 + 1 + 16 = 34. Kwa sababu ya sifuri zile, b inajitoa kabisa kwenye sharti la kwanza na la tatu. Tukiita jumla ya vipimo S, na jumla ya vipimo vilivyozidishwa kwa t² zao Q, tunabaki na milinganyo miwili tu:

5a + 10c = S
10a + 34c = Q

Zidisha wa kwanza kwa 34 na wa pili kwa 10, kisha toa. Herufi c inakufa, na inabaki 70a = 34S − 10Q, yaani

a = (17S − 5Q) / 35

Sasa uliza kila kipimo kimechangia nini. Cha katikati kina t² sawa na sifuri, hivyo kinapata 17. Majirani wake wawili wana t² sawa na 1, hivyo 17 − 5 = 12. Wa pembeni wana t² sawa na 4, hivyo 17 − 20 = −3. Kazi yote ya kutafuta parabola imegeuka kuwa uzito wa namba tano: −3, 12, 17, 12, −3, kisha gawanya kwa 35.

Kwa kilele chetu: −60 + 372 + 612 + 360 − 63 = 1221, gawanya kwa 35, ni 34.9 hivi. Kilele kimebaki. Ile −3 inashangaza mwanzoni, lakini ndiyo inayofanya kazi. Pembeni zikiwa chini kuliko katikati, uzito hasi hauruhusu zivute jibu kwenda chini pamoja nazo. Jaribu parabola safi 4, 1, 0, 1, 4: namba zetu zinatoa 0 kamili, huku wastani ukitoa 2.

Waliozifanya namba hizi kuwa mali ya kila maabara ni Abraham Savitzky na Marcel Golay wa kampuni ya Perkin-Elmer iliyotengeneza spektrometa, katika makala yao ya mwaka 1964. Walitoa majedwali ya madirisha marefu kuliko hili la nukta tano, na mengine ya kutafuta kasi ya mabadiliko. Baadhi yalikuwa na makosa, yakasahihishwa na Steinier, Termonia na Deltour mwaka 1972 katika jarida lilelile. Ndiyo maana ni vizuri kujua namba zinatoka wapi: dirisha la nukta tano unalihakiki mwenyewe kwenye karatasi.

Uaminifu huu kwa kilele una bei. Kelele ya kawaida, isiyofuatana, inapungua kwa asilimia 30 hivi tu kwa nukta tano, wakati wastani ungeipunguza kwa asilimia 55. Ukitaka utulivu zaidi unapanua dirisha, lakini likiwa pana kuliko kilele, kilele kinaanza tena kukatwa. Kulitambua hilo ni rahisi: toa data iliyosafishwa kwenye data ghafi, uchore masalio. Yakiwa vurugu tupu, sawa. Ukiona ndani yake nundu mahali palepale penye kilele, umekata dawa.

Adui mkubwa zaidi ni kipimo kimoja kilichoruka, tuseme 35 katikati ya sifuri tupu kwa sababu waya umelegea. Kichujio kitakitandaza kuwa −3, 12, 17, 12, −3, na mtu asiyejua ataona kilele kizuri chenye mabonde mawili. Mabonde hayo ndiyo yanayokifichua. Miruko ya namna hiyo iondolewe kwanza, kwa mfano kwa kuchukua namba ya kati katika kila vipimo vitatu, ndipo parabola ifuate. Vipimo pia viwe na nafasi sawa kati yao. Kimoja kikikosekana, 10 na 34 zetu si kweli tena.

Halafu kuna ncha. Kipimo cha mwisho hakina majirani wawili mbele yake. Unaweza kuisoma parabola ileile kwenye t = 2 badala ya sifuri, na uzito, kuanzia kipimo cha zamani zaidi, unakuwa 3, −5, −3, 9, 31, bado juu ya 35. Lile 31 linamaanisha kipimo cha mwisho karibu kinajisemea chenyewe, na kelele yake inapungua kwa asilimia 6 tu. Kwa spektra iliyokwisha kuandikwa hilo halisumbui. Kwa mashine inayoamua papo hapo, kama kufunga valvu, mhandisi atachagua kati ya kusubiri vipimo viwili zaidi na kuamini namba ambayo haijasafishwa kitu.