Elfu tisa kwa mwezi, laki moja na nane kwa mkupuo

Mpwa wangu anapiga video za harusi. Mwezi wa tatu aliona kwenye simu programu ya kuhariri video, imeandikwa kwa herufi kubwa "Sh 9,000 kwa mwezi". Kando yake palikuwa na mpango mwingine wa Sh 15,000 kwa mwezi. Akachagua wa 9,000, nani asingechagua huo? Kabla saa haijaisha benki ikamletea ujumbe: zimetoka Sh 108,000. Alinipigia akiamini kadi yake imedukuliwa.

Haikudukuliwa. Tulifungua tena ule ukurasa tukakuta chini ya bei, kwa herufi za kijivu zilizomlazimu asogeze simu karibu na macho, maneno mawili: "hulipwa kimwaka". Basi 9,000 ile haikuwa bei ya mwezi, maana hakuna mwezi hata mmoja unaouzwa kwa 9,000 pale. Ni 108,000 iliyogawanywa kwa 12. Anayetaka mwezi mmoja peke yake analipa 15,000.

Kuuza mwaka kwa bei nafuu si kosa, na mwenye hakika ya kuutumia wote anaokoa fedha. Kinachoniudhi ni tarakimu ipi imekuzwa na ipi imefichwa. Google Play, katika masharti yake kwa watengenezaji wa programu, inataja waziwazi kama ukiukaji mpango wa mwaka unaotanguliza bei ya mwezi kuliko bei nyingine. Apple nayo inataka kiasi kitakachokatwa ndicho kionekane zaidi kwenye ukurasa wa malipo. Masharti hayo lakini ni ya kwenye maduka yao. Ukinunua moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni, hayakufuati huko.

Kilio kikubwa zaidi ni cha miezi isiyotumika. Wengi hubonyeza kitufe cha kusitisha wakitegemea fedha zirudi, kumbe kitufe kile kwa kawaida huzuia tu mwaka ujao usikatwe. Kufuta programu kwenye simu hata hilo hakufanyi. Kuomba kurudishiwa ni ombi la peke yake. Kwa Google Play, ndani ya saa 48 tangu ununue unaweza kuwaomba Google wenyewe. Zikipita, kwa kawaida unaelekezwa kwa mtengenezaji, naye anatazama masharti yake.

Hata akikubali, uliza anapiga hesabu gani. Tuseme umetumia miezi 4. Kwa 9,000 umekula 36,000, zinabaki 72,000. Lakini kampuni inaweza kusema aliyevunja mwaka hastahili punguzo la mwaka, ikakuhesabia miezi ile kwa 15,000. Hapo umekula 60,000, unarudishiwa 48,000. Sentensi moja katika masharti imekupunguzia 24,000.

Ugomvi wa hesabu za namna hii umewahi kufika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ukitokea Hamburg. Mwaka 2018 mtu mmoja alijiunga na mtandao wa kutafutia wachumba wa Parship kwa miezi 12, bei euro 523.95. Siku 4 baadaye akajitoa, kwa kuwa sheria ya Ulaya humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili nia. Kampuni ikadai euro 392.96, yaani robo tatu ya bei ya mwaka mzima. Oktoba 2020 mahakama ilisema hesabu, kwa kawaida, ifuate muda uliotumika. Kipengele fulani kitadaiwa chote pale tu mkataba unapotamka kuwa kinatolewa kikamilifu tangu mwanzo, na kina bei yake peke yake. Ukigawanya ile bei kwa siku 365, siku 4 hazifiki euro 6.

Hukumu hiyo inamfaa mnunuzi wa Ulaya, tena aliyejitoa ndani ya siku 14. Haimrudishii kitu aliyechoka mwezi wa tano. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Ushahidi wako hapo ni picha ya ule ukurasa wa bei, ipigwe kabla hawajaubadilisha.

Mpwa wangu picha hakupiga. Siku mbili alizimaliza akihangaika na benki kuhusu wizi ambao haukuwepo, na alipowaandikia Google saa 48 zilikuwa zimepita. Mtengenezaji akamjibu kwa aya moja kwamba miezi isiyotumika hairudishiwi, ila programu itabaki wazi hadi mwezi wa tatu mwakani. Harusi alizokuwa amepangiwa mwaka ule zilikuwa mbili.